Tangi Haliwezi Kunyoosha Mguu

Kazi yangu ya kila Jumamosi ni harusi, sendofu na kipaimara. Kumliza mama wa bibi harusi mbele ya kamera nakujua vizuri: unamsogelea taratibu, humwulizi kitu, na ukifika kwenye kuhariri unamwekea piano. Kwa hiyo kamati moja hapa Arusha iliponiita nitengeneze video ya kuchezwa kwenye chakula cha hisani, kuchangisha matangi ya maji ya mvua kwa kaya 20 za kijiji kimoja upande wa Mlima Meru, nilijua wanachotaka kabla chai haijapoa. Walitaka ukumbi ulie.

Skripti walikuwa wameshaandika wenyewe. Inaanza na kijana mwenye matege anateremka njia ya vumbi, mwendo umepunguzwa kasi, piano chini yake. Sauti inasema: "Anatamani kukimbia kama wenzake. Hawana maji safi. Bila wewe, ndoto yake itazimika." Mwishoni kabisa: "Changia tangi, mpe miguu yake."

Sina ugomvi na huzuni. Jambo la huzuni lisimuliwe kwa huzuni, watu wazima wanaweza kulibeba. Ugomvi wangu ni na ile sentensi ya mwisho, kwa sababu ni ya uongo, na picha ya kwanza ndiyo inayoubeba uongo wenyewe.

Aliyekulia huku anajua habari ya meno ya kahawia. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo yanaibeba mpaka kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; kuna vyanzo kwenye miteremko hii vinavyopita hapo mara nyingi. Jino la mtoto hupata doa likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, miaka kama minane ya mwanzo. Likishatoka na doa lake, hata ukimhamishia mtoto Mwanza doa haliondoki. Mifupa nayo, kwa anayekunywa mengi kwa miaka, inaweza kukomaa imepinda. Na tangi la maji ya mvua, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kunyoosha mguu uliokwisha kupinda. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifupa.

Sasa fikiria mgeni amekaa na sahani ya pilau, anamwona kijana yule, anaandika ahadi ya matangi mawili. Moyoni amenunua nini? Amenunua mguu, lakini atakacholetewa ni tangi. Hakuna mtu kamdanganya kwa mdomo, ila picha imempa ahadi ambayo fedha yake haiwezi kuitimiza. Mimi udanganyifu kwenye video za kuchangisha huwa nautafuta hapo kwanza, kabla sijagusa muziki wala machozi: picha inaahidi nini, na bajeti inalipia nini?

Mwenyekiti hakukubali haraka. "Mdogo wangu," akaniambia, "watu hawatoi kwa hesabu. Wanatoa kwa sura." Na hakukosea sana. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Small, Loewenstein na Slovic. Watu walipewa dola 5 za kujaza dodoso, kisha wakaombwa wachangie. Waliosoma habari ya msichana mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14. Waliopewa vyote viwili kwa pamoja, Rokia na takwimu, walitoa 1.43. Yaani takwimu zilipoongezwa, huruma ilipungua. Kwa hiyo mtu mmoja, sawa. Lakini mtu yupi?

Tulikwenda kijijini mara mbili, na mara ya kwanza kamera haikutoka kwenye begi. Mama tuliyepelekwa kwake ana watoto wawili, mkubwa wa miaka 14 mwenye matege na mdogo anayekaribia miaka mitatu. Tulikunywa chai, iliyochemshwa kwa maji yaleyale. Watu wengi wa mjini wanadhani kuchemsha kunasaidia. Kwa floraidi hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani.

Sikumwomba aeleze shida zake. Ukimwambia mtu "tueleze shida zako", atakupa hotuba aliyokwisha kuwapa wageni watano kabla yako. Nilimwomba anionyeshe maji anayotumia tangu asubuhi. Akaleta ndoo ya bomba, akaleta na sufuria iliyokingwa mvua ya juzi, akasema ile ndogo ni ya mtoto. Kisha, bila kuulizwa, akasema: "Huyu mkubwa yameshapita. Huyu mdogo bado."

Nilirudi mjini nikijua video imepatikana. Mtu wa kuibeba ni yule mdogo, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa, na tangi linaweza kumfanyia kitu. Yule mkubwa tungemwonyesha kama angetaka. Safari ya pili nilimweleza mwenyewe, mama yake akiwepo: itachezwa ukumbini, mbele ya watu kama mia mbili, wengi watakuwa na simu mkononi, na ikishaingia WhatsApp mimi siwezi kuirudisha. Akauliza kama wanafunzi wenzake wanaweza kuiona. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi yeye hapana. Mama alitia sahihi kwa ajili yake na mtoto mdogo, na sehemu ya kijana ikaachwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo karatasi lazima iwepo. Lakini karatasi pekee isingemsaidia kijana kama asingeelezwa habari ya WhatsApp.

Kwenye kuandika, mimi kwa sauti ya kusimulia hupita maneno kama 110 kwa dakika. Video ilipangiwa dakika mbili na nusu, ambayo ingekula maneno 275 kama ningeijaza. Niliandika chini ya 150, mengine yote nikamwachia mama, ndoo na kimya. Rasimu niliyompelekea ilianza hivi:

PICHA: Ndoo na sufuria, sakafuni. Mkono unachota kwenye sufuria, unajaza kikombe kidogo.
SAUTI YA MAMA: Hii ya ndoo ni yetu. Hii ya sufuria ni ya mtoto.
MSIMULIZI: Familia hii haina maji safi.

Nilimchezea kwenye simu, tumekaa kwenye benchi nje ya nyumba. Alipofika kwa msimulizi akanishika mkono. "Mwanangu, hapo umekosea. Maji tunayo, tena mengi, tena meupe. Ndiyo hayo yanayotuumiza."

Nilikuwa nimeifuta sentensi ya kamati kuhusu mguu, kumbe nimeirithi hii ya maji bila kuiona. Ni sentensi ya kila video ya maji, inatoka yenyewe mkononi kama salamu. Niliifuta, na maneno yake yakakaa mahali pa msimulizi. Mtu wa mjini anayesikia "haina maji safi" anaona tope. Akisikia maji ni mengi na meupe, kisha ndiyo yanayoumiza, anaacha kutafuna kidogo, na anachokisikia ni kweli.

Takwimu niliacha moja, tena yenye ukubwa wa nyumba. Familia ya watu sita ikitumia lita tano kila mtu kwa siku, kunywa na kupika tu, ni lita 30. Simtanki la lita 5,000 linakaa siku 166. Kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, ni siku 153. Kulijaza si ajabu: kila milimita ya mvua inaangusha lita moja kwenye kila mita ya mraba ya bati. Bati la mita za mraba 40 likipata milimita 200 za masika linapokea lita 8,000, na hata moja ya tano ikipotelea kwenye gata bado tangi linajaa. Yote haya video haikuyasema. Ilisema: "Tangi moja linamvusha mtoto huyu kiangazi kizima, kwa maji ya kunywa na kupikia. Kufua na kuoga wataendelea na bomba." Mweka hazina aliona sentensi ya pili inapunguza ladha. Nikamwomba aiache, kwa sababu mgeni anayejua tangi haliwezi kufanya nini anaamini zaidi anapoambiwa linaweza nini.

Halafu kuna suala la yule mmoja kubeba wengi. Ukionyesha mtoto mmoja, mtu anadhani fedha yake inakwenda kwa mtoto huyo. Kwa hiyo kabla ya picha ya mwisho msimulizi anasema: "Nyumba yao ni mojawapo ya kaya 20 kwenye orodha. Mchango wako unaingia kwenye orodha yote." Ndiyo, Rokia na takwimu, na pengine tulipoteza kitu hapo. Nilikubali kukipoteza.

Piano niliiweka tu kwenye picha za barabarani, mama akianza kusema inakatika. Kipimo changu ni kuitazama video bila muziki kabisa. Kama mahali fulani pamekufa, basi pale muziki ulikuwa unafanya kazi ambayo habari yenyewe haikuifanya, na panahitaji kuandikwa upya. Tulipojaribu, palikufa sehemu moja, droni yangu juu ya mashamba. Nikaitoa, kwa uchungu, maana droni ile bado nailipia. Maandishi ya chini niliyaweka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukumbini vijiko havinyamazi.

Ombi lenyewe halikuwa kwenye video. Picha ya mwisho ni maji yanadondoka kutoka bati kwenda kwenye sufuria, sekunde nane, basi. Tulimwomba mshereheshaji asiingie na utani wala asipige kelele za "nani anaanza!", bali asome bei ya tangi, gata na fundi, kisha ataje lipa namba. Alijitahidi. Utani mmoja ulimponyoka.

Ahadi zilipokuwa zinaandikwa, mzee mmoja wa meza ya mbele alinyoosha mkono. "Yule mama alisema mkubwa yameshapita. Yuko wapi huyo mkubwa?" Mweka hazina akamjibu kwamba shikamoo mzee, yupo, anasoma, hakupenda kuonyeshwa, na matibabu yake hayamo kwenye bajeti ya leo. Mzee akaandika tangi moja. Baadaye nikiwa nakunja nyaya nilimwona mzee yuko na mweka hazina pembeni, mlango wa jikoni, anamwuliza upasuaji wa mifupa unafanyika hospitali gani.