Nyutro Ikiungua, Msiionee Draivu ya Pampu

Mafundi wengi wa umeme hapa Mombasa wakikuta nyutro imebabuka kwenye boksi la breka la hoteli, lawama huiangukia draivu ya pampu, kile kifaa kinachoongoza kasi ya mota yake. Mimi nasema wanaionea. Draivu ya kawaida ya fezi tatu huchafua umeme, hilo sikatai, lakini uchafu wake mkubwa ni haimoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye kasi mara kadhaa ya umeme wa kawaida, ya 5 na ya 7, na draivu yenyewe haiungwi kwenye nyutro. Nyutro inaunguzwa na taa za LED zilizojaa darini, pamoja na eisii za inveta za fezi moja, ambazo ndani zina draivu ndogo.

Vifaa hivi havivuti umeme kwa ulaini. Hunyakua kwa mafungu, pale volteji inapofika kileleni. Ndipo inapozaliwa haimoniki ya 3, yenye kasi ya hezi 150 kwa umeme wetu wa hezi 50. Fezi zetu zimepishana theluthi ya mzunguko, kwa hiyo mkondo wa kawaida hufutana kwenye nyutro mzigo ukilingana. Wimbi lenye kasi mara tatu, theluthi hiyo kwake ni mzunguko mzima. Basi mawimbi ya fezi zote tatu hupanda pamoja, na nyutro huyabeba yote. Kusawazisha mzigo hakusaidii kitu.

Chukua laini ya taa ya hoteli, kila fezi ampea 40, na humo ampea 16 ni haimoniki ya 3. Nyutro itabeba 48. Kebo ya deraya ya PVC yenye nyaya nne za milimita 10 za mraba, ikifungwa ukutani, hubeba ampea 58 kwenye joto la nyuzi 30. Darini kwetu nyuzi 40 ni kawaida, kwa hiyo zidisha kwa 0.87 upate 50. Kwa hesabu ya kizamani, kebo na breka ya ampea 50 vimepita. Lakini nyaya zote nne sasa zina joto, na kanuni ya IEC 60364-5-52 inataka uzidishe tena kwa 0.86. Inabaki 43, na nyutro ina 48. Breka inayolinda fezi peke yake haitaruka kamwe, kwa sababu inaona 40 tu. Hapo ni milimita 16, hakuna njia ya mkato. Na majengo ya zamani yaliyowekewa nyutro yenye nusu ya unene wa waya wa fezi yananitia hofu kabisa.

Kabla ya kubadilisha taa zote ziwe LED, pimeni nyutro usiku taa zikiwaka, kwa klampu iliyoandikwa True RMS, inayosoma sawasawa hata mkondo uliochafuka. Fezi zikilingana na nyutro bado ina mkondo mkubwa, geuzeni kitufe cha Hz. Ikisoma 150, mmempata mhusika, na draivu ya pampu iacheni ifanye kazi yake.