Usijumlishe alama za habari

Wanaopima kama habari inaaminika hutumia sana vigezo vitatu: vyanzo, ushahidi na mizania. Kila kigezo hupewa alama, tuseme kuanzia 0 hadi 5, kisha zote hujumlishwa. Vigezo vyenyewe sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni huko kujumlisha.

Chukua habari ya chokoleti. Mapema mwaka 2015 vyombo vya habari vya nchi kadhaa, likiwemo gazeti la Bild la Ujerumani, viliandika kwamba ukipunguza vyakula vya wanga huku ukila chokoleti nyeusi kila siku, uzito unashuka haraka zaidi. Mwezi Mei mwandishi wa sayansi John Bohannon akajitokeza na kueleza kuwa utafiti huo ulifanywa na yeye na wenzake, na kwamba waliupanga uwe dhaifu makusudi ili waone ni nani atakayeuliza maswali.

Sasa tuipime habari ya aina hiyo kama ilivyomfikia msomaji. Kwenye vyanzo inapendeza: yupo mtafiti mwenye jina, ipo taasisi ya lishe, lipo jarida la tiba. Mwenye haraka atahesabu vyanzo vitatu na kutoa alama 4. Mimi huwa nauliza kila chanzo kimejuaje. Jarida lilijua kwa sababu mtafiti aliliandikia, taasisi ilijua kwa sababu mtafiti ni wake, na mwandishi wa habari alijua kwa sababu ametumiwa taarifa na watu haohao. Hicho ni chanzo kimoja kilichovaa kofia tatu. Na taasisi yenyewe haikuwa na chochote zaidi ya tovuti, jambo ambalo dakika chache za kutafuta majina ya wafanyakazi wake zingeliibua. Kama hakuna mtaalamu hata mmoja wa nje aliyeusoma utafiti na kutoa maoni, natoa 1.

Kwenye ushahidi ndipo penye kazi kubwa. Waliomaliza utafiti walikuwa watu 15, wakigawanywa katika makundi matatu, kwa wiki tatu. Kundi la watu watano hivi linaweza kuonekana limepungua uzito kwa sababu mtu mmoja tu alikuwa na maji kidogo mwilini siku ya kupimwa. Isitoshe, vilipimwa vitu 18 kwa kila mtu, kuanzia uzito na kolesteroli hadi usingizi. Ukikubali uwezekano wa asilimia 5 wa kudanganywa na bahati katika kila kipimo, basi kwa vipimo 18 visivyotegemeana uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya hufika karibu asilimia 60. Baada ya hapo unachagua kilichotokea na kukifanya kichwa cha habari. Msomaji hahitaji kukokotoa yote hayo. Atafute tu idadi ya watu waliopimwa. Habari ya utafiti isiyoitaja idadi hiyo, kwangu inapata 0 mpaka ioneshe vinginevyo.

Mizania je? Mwandishi anaweza kuongeza sentensi moja ya daktari anayeonya kwamba chokoleti nyingi ina sukari nyingi, na hapo akajipatia 4. Ona hatari yake: mpimaji mwenye haraka ana 4 za vyanzo, 4 za mizania, na hata akitoa 2 za ushahidi, jumla inakuwa 10 kati ya 15. Habari ya kutungiwa mtego imefaulu!

Ndiyo maana naona alama ya chini kati ya vyanzo na ushahidi iwe dari ya alama ya habari nzima, na mizania iweze kushusha tu, isipandishe kamwe. Mizania bila ushahidi ina madhara yake. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Kwa miaka kadhaa vyombo vingi vya Uingereza viliwapa wapinzani na watetezi wa chanjo nafasi zinazokaribiana, ilhali tafiti kubwa zilikuwa zimeelemea upande mmoja. Makala ile ilifutwa mwaka 2010. Mizania ninayoipa alama ni ile inayomwambia msomaji kila upande umesimama juu ya nini, hata kama upande mmoja utaishia kupata aya moja.

Kipimo hiki kinapwaya kwenye habari za dharura. Saa ya kwanza baada ya ajali, chanzo huwa shuhuda mmoja na ushahidi ni picha isiyojulikana ilipigwa lini. Alama itakuwa 1, na habari inaweza kuwa kweli tupu, kwa sababu alama inapima kilichooneshwa hadi wakati huo. Kwa hiyo kando ya alama naandika saa niliyosoma, na naipima upya polisi, hospitali na mashuhuda wengine wanapozungumza kila mmoja kwa alichokiona mwenyewe.