Kinachokuja baada ya "nzuri"

Kwa Kiswahili, jibu la "habari?" ni "nzuri". Hata msibani. Mtu aliyefiwa usiku wa kuamkia leo ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu "nzuri", atavuta pumzi, kisha atasema, "ila mzee ametutoka." Ndivyo tulivyolelewa. Salamu inajibiwa kwa heri, shida inafuata, na katikati kuna kamba nyembamba ya maneno: ila, lakini, sasa, samahani, nilikuwa nauliza tu.

Nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaojitolea kupokea simu za msaada hapa Dar es Salaam, na msimamo wangu ni kwamba siku ya kwanza ya mafunzo itumike yote kwenye hiyo kamba. Fomu ingoje. Kompyuta ingoje. Kwa kawaida tunafanya kinyume: kijana anapewa fomu asubuhi, anakariri jina, umri, mkoa, wilaya, aina ya tatizo, na kufikia jioni masikio yake yanasikia majibu ya fomu tu. Mpigaji akisema kitu kisicho na kisanduku chake, kinapita.

Tuanze na salamu yenyewe, maana hata hapo watu hukosea. Mtoto akipiga atasema "shikamoo". Kijana wa miaka 22 huona haya kuitikia, anarukia "karibu, nikusaidie nini?" Mtoto hajaitikiwa. Kwake mazungumzo hayajaanza, na wengi hukata hapo hapo. Itikia "marahaba" kwa sauti ya chini, bila ukali wa mkubwa, kwa sababu huenda hata aliyemuumiza, mtoto huyo humwamkia shikamoo kila asubuhi. Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Sentensi unayoingoja inakuja humo, na ukiongea wewe kwanza umeifukuza.

Kosa la pili ni "nani mwenzangu?" Kwenye simu za kawaida hilo ni swali la adabu kabisa. Kwenye simu ya msaada ni mlango unaofungwa. Mwaka 1964 mwanasosholojia wa Marekani, Harvey Sacks, aliwaeleza wanafunzi wake alichokiona kwenye simu zilizopigwa katika hospitali ya dharura ya magonjwa ya akili. Mpokeaji akitaja jina lake, mara nyingi mpigaji naye hutaja lake. Lakini kulikuwa na mmoja aliyejibu kwamba hasikii vizuri. Jina likarudiwa, zamu ya kujitambulisha ikapita, na mtu yule akaendelea kuongea bila kujulikana, wala hakulazimika kusema "sitaki". Nikiwasimulia vijana hili wanatikisa kichwa, kwa sababu wote wamewahi kusikia "haloo, mtandao unakatakata" na wakaanza kupaza sauti, "Haloo! Haloo! Sasa unanipata?" Pengine mtandao ni mbovu kweli. Pengine uliuliza jina mapema. Ukijibu tu "mimi nakusikia vizuri, endelea," utakuwa umezitibu hali zote mbili.

Sasa zoezi lenyewe. Simu hii niliitunga kutokana na mambo yanayojirudia, si simu ya mtu mmoja, na mwenzetu mmoja huigiza binti wa miaka 13. Nimempa siri mbili asizozisema mpaka aulizwe vizuri, na agizo moja: ukiulizwa jina kabla hujaulizwa habari ya muda, aga ukate.

"Shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa nauliza tu, hapo mnafunga saa ngapi?"

Nasimamisha. Kila mmoja aandike alichosikia. Mara ya mwisho walikuwa wanane, na sita waliandika "anauliza saa za kazi". Wa saba akaongeza "mtoto". Ni mmoja tu aliyeandika maneno yenyewe: nilikuwa nauliza tu, hapo mnafunga saa ngapi. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu, pengine saa nzima, kwa sababu wale sita walikwisha kufasiri kabla hawajasikia. Muhtasari wao si wa uongo, lakini hauna "tu", hauna "nilikuwa", na hauna "mnafunga".

"Nilikuwa nauliza tu" ni kauli ya mtu aliyekwisha kujitengenezea njia ya kurudi. Ukimjibu vibaya ataweza kusema alikuwa anauliza tu. Na "mnafunga saa ngapi" linaonyesha kwamba saa iko kichwani mwake. Je, ni saa yetu au yake? Hatujui, na hapa nawakatalia vijana wenye akili ya haraka wanaotaka kubuni kisa kizima. Huenda anataka kweli kujua kama apige kesho baada ya shule. Neno la kwanza linakuonyesha pa kuuliza, halikupi jibu.

Wa kwanza kujaribu alijibu, "Hatufungi, tupo saa 24. Karibu, unaitwa nani na unapiga kutoka mkoa gani?" Binti akasema, "Basi, asante." Kimya. Kijana akanitazama, akasema, "Lakini nimemjibu." Ni kweli, alimjibu. Kisha akairudia fomu.

Kipimo changu ni kimoja, na nakitumia kila ninaposikiliza mazoezi tuliyorekodi. Naangalia sentensi ya pili ya mpokeaji. Maneno yake yametoka wapi, kinywani mwa mpigaji au kwenye fomu? Kama yametoka kwenye fomu, sihitaji kuendelea kusikiliza ili nijue simu iliishia wapi.

Wa pili alikuwa yule aliyeandika maneno yenyewe. Alijibu, "Hatufungi, tupo usiku kucha." Akanyamaza. Kisha: "Kwani wewe una muda mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa mbili."

"Sawa. Sasa hivi ni saa moja na dakika arobaini. Saa mbili kuna nini?"

"Baba anarudi."

Hakukimbilia kuuliza baba anafanya nini. Aliuliza, "Hapo ulipo unaweza kuongea?" Binti akasema yuko chooni, nje ya nyumba, na simu ni ya mama. Dakika ishirini, choo cha uani, simu ya mtu mwingine: yote haya yalikuwa ndani ya "mnafunga saa ngapi". Namba ya watoto ya 116, kwa Tanzania na Kenya, hupigwa bure, kwa hiyo mtoto hahitaji salio. Anachohitaji ni simu ya mtu mwingine kwa dakika chache, na dakika hizo huzipima kuliko sisi.

Kuna jambo moja ambalo kijana yule asingelijua kama angeanza na mkoa na wilaya. Simu zikikatika, mkono wa mgeni kazini hukimbilia kupiga tena, kwa nia njema kabisa. Yeye aliuliza mapema: "Ikikatika, nikupigie?"

"Usipige. Mama ataiona."

"Sipigi. Ukipata nafasi utapiga wewe, na hata kama si mimi nitakayepokea, hutaanza upya."

Ndipo akavuta fomu. Kisanduku cha jina akakiacha wazi, na juu kabisa, pembeni mwa tarehe, akaandika kwa herufi kubwa: USIPIGE. SIMU YA MAMA. MWISHO SAA 2.