Simu moja, wasomaji wawili

"Tukificha sana mgonjwa haelewi, tukifunua sana tunamvunjia nyumba. Sasa tuandike nini?"
Ni swali la muuguzi wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Tanga, kuhusu ujumbe wa simu wa kumkumbusha mgonjwa tarehe yake.

Nianze na dada mmoja wa Makorora, kwa sababu kisa chake kilinibadilisha mawazo. Nilikuwa nasaidia kupanga tarehe za wagonjwa kwenye kituo kimoja hapa jijini. Alipojiandikisha alituambia mapema kwamba mumewe hajui, na kwamba simu ya nyumbani ni moja, wanaishika wote. Tukajiona waangalifu. Tukaacha kutaja kliniki, dawa na hospitali, na siku moja kabla ya tarehe yake tukamtumia hivi:

"Usisahau kikao cha kikoba kesho Alhamisi saa 3 asubuhi."

Mumewe ndiye aliyeusoma. Kikoba cha mkewe alikifahamu vizuri, maana fedha za hisa zilikuwa zinatoka mfukoni mwake. Alijua pia kuwa wanakutana Jumapili alasiri, na kwamba mweka hazina ni jirani yao. Akamuuliza jirani kuhusu kikao cha Alhamisi. Jirani akashangaa. Jioni ile dada alikuwa na maswali mawili ya kujibu: anakwenda wapi Alhamisi, na nani anamtungia uongo. Virusi havikuwahi kutajwa, lakini kwa muda wa wiki nzima ndani ya nyumba ile lilitajwa jina la mwanamume ambaye hayupo.

Hapo niliona kosa letu. Tulikuwa tumeshughulika na neno moja tu, CTC, tukasahau kwamba ujumbe unasomwa na mtu anayemjua mwenye simu kuliko sisi. Hadithi ya kubuni inahitaji kufanana na maisha ya mtu kila upande: siku zake, biashara yake, marafiki zake. Muuguzi mwenye wagonjwa mia kadhaa hawezi kujua hayo yote. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kituo kisimtungie mgonjwa kisingizio. Kama kisingizio kinahitajika, akitoe mwenyewe, kwa maneno yake.

Wapo wanaotoka hapo na kwenda upande wa pili kabisa, na hoja zao si nyepesi. Wanasema andika wazi. Mtu anayemeza dawa za kufubaza virusi akipitwa na tarehe, dawa zinamwishia, virusi vinapanda tena, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Ujumbe usioeleweka haumrudishi kliniki. Tena siku hizi, kwa matapeli waliozoea kuandika "ile hela tuma kwa namba hii", ujumbe mfupi wenye mafumbo kutoka namba ngeni unafutwa kabla haujasomwa mara mbili. Nimeona mzee mmoja wa Pongwe akifuta ujumbe wetu mbele yangu, akisema, "Hawa wezi hawachoki." Na kuna hoja nyingine, ninayoiheshimu zaidi, inayotolewa na baadhi ya WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi wanaowashauri wenzao: kila tunapofunika, tunawafundisha watu kwamba hili ni jambo la aibu.

Nakubaliana na hoja ya mzee wa Pongwe. Hoja ya aibu naikubali nusu. Mtu aliyekwisha kujiweka wazi kwa familia yake ana haki ya kutumiwa ujumbe ulionyooka, na wapo wanaoutaka hivyo. Ila uamuzi wa kujiweka wazi ni wa mgonjwa, naye huupangia wakati wake, pengine baada ya miezi mingi ya ushauri nasaha. Simu haiwezi kuufanya uamuzi huo kwa niaba yake saa 2 usiku, huku mtoto akiishika kwa ajili ya katuni. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na sioni jinsi siri hiyo inavyolindwa kaunta halafu ikamwagwa kwenye kioo cha simu.

Kati ya hayo mawili kuna njia ambayo wengi huipita haraka kwa kuwa haivutii: ujumbe wa kawaida kabisa wa hospitali.

"Habari. Una miadi hospitali tarehe 14. Fika na kadi yako."

Hausemi uongo, hauna fumbo, na unaeleweka. Mume akiuliza "miadi ya nini?", mke anaweza kujibu jino, presha, au macho, na jibu litakuwa limetoka kwake yeye anayejua lipi litakubalika. (Kuna nyumba ambamo kutaja uzazi wa mpango kungeleta ugomvi mkubwa kuliko huu tunaoukwepa, na muuguzi hawezi kulijua hilo.)

Lakini ujumbe huu una sharti, na hapa ndipo vituo vingi vinapojikwaa. Unafanya kazi iwapo tu kliniki zote za hospitali ile zinatuma maneno hayo hayo: ya kisukari, ya presha, ya meno, ya wajawazito. Ikiwa ni CTC peke yake inayokumbusha watu kwa simu, kwa kuwa ndiyo iliyopata mradi wa kulipia ujumbe, basi baada ya miezi michache mtaa mzima wa Ngamiani unajua: aliyepata "una miadi hospitali" ni mtu wa CTC. Maneno hayakubadilika, ila yamekuwa jina la ugonjwa. Siri ya ujumbe wa namna hii inatokana na wingi wa wanaoupokea. Ndiyo maana mazungumzo haya hayawezi kuishia kwenye chumba cha CTC. Mganga mfawidhi ndiye mwenye uwezo wa kuamua kwamba hospitali nzima iwe na ujumbe mmoja.

Jambo jingine linaloharibu kazi nzuri ni jina la mtumaji. Ujumbe unaotumwa kwa mfumo wa kompyuta unaweza kubeba jina badala ya namba, lisilozidi herufi 11. Mradi huona fahari kuweka jina lake pale. Sasa simu ya kisasa ikiwa imefungwa huonyesha juu ya kioo jina la mtumaji na maneno machache ya mwanzo. Jina likiwa la mradi unaojulikana kwa UKIMWI, hakuna haja ya kusoma kilichofuata. Mgonjwa anaweza kuzima maandishi yasionekane simu ikiwa imefungwa. Kwenye mipangilio ya arifa lipo chaguo la kuficha maudhui. Namfundisha anayetaka, lakini silitegemei. Kitochi mara nyingi hakina chaguo hilo, na katika ndoa ambayo wote wanajua namba ya siri ya simu, kuibadilisha ghafla ni tangazo tosha.

Saa nayo ina mambo yake. Tulikuwa tunatuma saa 4 asubuhi tukidhani wengi wako kwenye shughuli zao, simu iko mkononi mwa mwenyewe. Tukasahau umeme. Simu iliyozimika chaji, au iliyoachwa dukani ichajiwe, haipokei ujumbe hadi iwashwe, na mtandao unautunza ukisubiri. Ujumbe wa saa 4 asubuhi unaingia saa 3 usiku, familia nzima ikiwa mkekani. Anayesimamia mfumo wa kutuma anaweza kuuwekea ujumbe muda wa uhai, tuseme saa 6 tangu utumwe. Ukishindwa kufika ndani ya muda huo, unafutwa njiani. Mtandao si lazima uutii muda huo kila mara, lakini ni bora kuliko kuacha wazi. Ujumbe uliokufa njiani unaonekana kwenye ripoti ya mfumo, na mhudumu anajua ni nani wa kutafutwa kwa njia nyingine.

Halafu kuna namba zenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kugawiwa mtu mwingine. Namba iliyoandikwa kwenye faili miaka mitatu iliyopita huenda leo iko kwa mtu asiyemjua mgonjwa, au vibaya zaidi, kwa shemeji aliyerithi laini. Kila hudhurio muuguzi aulize maswali mawili tu: namba ni ile ile? Nani mwingine anaishika?

Kwa wale ambao hata "una miadi hospitali" ni hatari, kuna funzo kutoka kwa jirani zetu. Kwenye kliniki tatu nchini Kenya, watafiti waliwatumia wagonjwa wa ARV ujumbe wa neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida", na aliyesema shida au aliyenyamaza alipigiwa simu na muuguzi. Utafiti ulikuwa na watu 538, na matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: waliopata ujumbe, asilimia 57 walifubaza virusi, dhidi ya asilimia 48 ya wasioupata. Neno lenyewe halikuwa na siri yoyote ndani yake. Maana yake ilikuwa kichwani mwa watu wawili walioelewana siku ya kwanza.

Hata hivyo tusilinyakue hivi hivi. Ule haukuwa ukumbusho wa tarehe, ulikuwa salamu ya kila wiki, na kila wiki ilikuwa kawaida. "Mambo?" moja inayokuja mara moja baada ya miezi mitatu, kutoka namba isiyohifadhiwa, inanuka mapenzi ya nje kuliko ujumbe wowote wa hospitali. Tena haibebi tarehe, kwa hiyo tarehe ikibadilishwa haisaidii kitu. Inamfaa anayeikumbuka tarehe yake vizuri na anahitaji kugutushwa tu.

Ndiyo maana kwenye rejista yetu tuliongeza safu moja. Mgonjwa anachagua siku ya kwanza, na anaruhusiwa kubadilisha kila anapokuja: ujumbe wa kawaida wa hospitali, ulionyooka, salamu tupu, kupigiwa, au asitafutwe kabisa. Asiyechagua anapewa ule wa kawaida. Anayechagua kupigiwa tunakubaliana naye mapema mpigaji ajitambulishe vipi iwapo simu itapokelewa na mwingine, na mpigaji akisikia sauti ngeni hataji kituo, anamwulizia mwenye simu tu na kuaga.

Yule dada wa Makorora alirudi baada ya wiki ile ngumu. Nilimwomba radhi. Akasoma machaguo yote, akayakataa, akasema, "Nibipuni tu, mara moja, saa 4, siku moja kabla. Namba nitaiandika jina la duka la vitenge ninakochukua bidhaa, wao hunibipu kila mara." Tukaiandika hivyo hivyo kwenye safu yake.