Kabla ya kumweleza mtu blokcheni, muulize kwanza

Mtu akiniuliza blokcheni ni nini, simjibu papo hapo. Namuuliza kaisikia wapi na anataka kuifanyia nini. Wengine huona najishaua, lakini sijaona njia nyingine ya kujua nianzie wapi.

Chukua mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Swali lake lilikuwa hilohilo: "Mwanangu, hii blokcheni ni kitu gani?" Ningeweza kumwaga habari za hashi na wachimbaji hadi jua lizame. Nikamuuliza, "Mama, nani kakutajia?" Kumbe kuna mteja wa mbali kamtumia picha ya simu inayoonyesha amelipa kwa bitikoini, na anataka magunia yapakiwe leo.

Hapo jibu likawa fupi. Blokcheni ya bitikoini ni daftari moja lenye nakala kwenye maelfu ya kompyuta, na yeyote anaweza kulisoma. Picha si malipo. Malipo ni yale yaliyoandikwa daftarini. Nikamwambia amwombe mteja txid, namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 64, tukaiweka kwenye mempool.space, tovuti inayoonyesha miamala ya bitikoini.

Muamala ulikuwepo, na ulishathibitishwa siku nyingi. Ila anwani ya mpokeaji haikuwa ya mama. Jamaa alikuwa ametuma malipo ya mtu mwingine kabisa! Hata anwani ingekuwa yake, bado angepaswa kutazama kiasi, kisha neno Unconfirmed. Likiwepo, muamala haujaingia kwenye bloku, yaani ukurasa wa daftari hilo, na mtumaji anaweza kuubadilisha akaelekeza pesa kwingine. Bloku mpya hupatikana kila dakika 10 hivi kwa wastani. Kwa mzigo mkubwa, desturi ni kungoja bloku sita, yaani kama saa moja.

Mwanafunzi wa kompyuta akija na swali hilohilo, hayo yote hayamsaidii. Lakini simuulizi "unajua hashi?" maana kila mtu hujibu "kidogo", na kidogo hiyo haipimiki. Namwambia anieleze kwa maneno yake kinachotokea nikibadilisha tarakimu moja kwenye bloku ya zamani. Akisema hashi ya bloku hiyo, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, itabadilika, nampeleka mbele: bloku inayofuata imebeba hashi ya zamani, kwa hiyo haitalingana nayo tena, na anayetaka kughushi atalazimika kurudia kazi ya kukokotoa bloku hiyo na zote za baada yake huku wenzake wakiendelea kuongeza mpya. Akisema "mtandao utakataa" bila kueleza kwa nini, tunarudi kwenye hashi.

Wa tatu huja na mradi: kuweka rekodi za samaki wa ziwani kwenye blokcheni ili wizi uishe. Huyo namuuliza swali moja tu: nani anasoma mizani? Akiandika kilo 80 badala ya 100, blokcheni itaulinda uongo huo vilevile inavyolinda ukweli.