Skrubu Moja Ukutani: Nyongeza ya Bima ya Nyumba Ianzie Kwenye Mabomba

Anayeuziwa ile nyongeza ya bima ya nyumba inayolipia uharibifu wa bahati mbaya karibu kila mara hupewa mfano wa mtoto aliyevunja televisheni. Nami nilipewa mfano huo huo, na haukuhitaji maelezo marefu, kwa sababu mwanangu wa miaka minne alikuwa ameivunja yetu kwa gari la chuma la kuchezea siku chache tu kabla ajenti hajafika kwetu Riat, hapa Kisumu. Hata hivyo, sasa naamini kwamba mfano huo huwapotosha wenye nyumba. Televisheni ikivunjika, hasara yote unaiona siku hiyo hiyo na bei yake unaijua. Bomba likitobolewa ndani ya ukuta, hasara huendelea kukua kimyakimya, na nyongeza wanayouziwa watu kwa ajili ya televisheni hailigusi bomba hilo hata kidogo.

Bima ya nyumba hapa Kenya kwa kawaida hugawanywa katika sehemu. Sehemu A ni ya jengo lenyewe, na Sehemu B ni ya vyombo vilivyomo. Zote mbili hulipa pale tu hasara inapotokana na jambo lililotajwa katika hati, kama vile moto, radi, wizi wa kuvunja mlango, au kupasuka na kufurika kwa matangi na mabomba ya maji. Mtoto kurusha gari la chuma hakumo katika orodha hiyo, na ndiyo maana televisheni yetu ya kwanza haikulipwa. Ajenti alituandikia Sehemu C, inayoitwa ya hatari zote, akaitaja televisheni mpya kwa jina na bei yake. Nilichokosa kukiona ni kwamba Sehemu C hulinda vitu vilivyoorodheshwa kimoja kimoja tu, na hakuna anayeorodhesha mabomba yaliyozikwa ukutani. Neno “zote” lilinifanya niamini kwamba nyumba nzima imekingwa.

Ili mtoto asiifikie televisheni mpya, tuliamua kuitundika ukutani katika sebule ndogo ya juu, kwenye ukuta unaopakana na bafu. Fundi alitoboa matundu manne. Katika tundu la tatu alisita kidogo, akasema, “Mama, hapa kuna ulaini,” kisha akakaza skrubu na kazi ikaisha. Hakuna maji yaliyotoka. Ulaini ule ulikuwa bomba la plastiki la maji moto, na skrubu ilipoingia ililiziba tundu ililolitoboa, kama kizibo kwenye chupa.

Skrubu ya namna hiyo huweza kuzuia maji kwa siku kadhaa au hata kwa miezi. Bomba la plastiki hutanuka kila maji moto yanapopita na kusinyaa yanapopoa, skrubu inashika kutu, na ule mshiko mdogo unalegea hadi maji yanaanza kupenya tone baada ya tone. Kwetu ilichukua wiki saba. Dalili ya kwanza ilikuwa duara la rangi ya chai kwenye dari ya gipsamu ya chumba cha chini, lenye ukingo mweusi zaidi kuliko katikati, likipanuka kidogo kila asubuhi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kufunga mifereji yote usiku na kuangalia mita ya maji asubuhi. Katika nyumba nyingi za Kisumu zenye tangi juu ya paa, jaribio hilo hudanganya, kwa kuwa mita hupima maji yanayoingia kwenye tangi, na maji ya mtaa yasipokuja usiku huo, mita haitasogea hata kama nyumba inavuja. Sisi tulifunga valvu inayoingiza maji tangini, tukaweka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, tukalala bila kutumia tone. Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka vidole viwili, na hapo hatukuwa na shaka tena.

Mkaguzi aliyetumwa na kampuni ya bima alikuwa mtu muungwana, na alikuwa na hoja mbili. Kwanza, bomba halikupasuka bali lilitobolewa, kwa hiyo tukio lenyewe halimo katika Sehemu A. Pili, kutu kwenye skrubu na ukungu nyuma ya gipsamu vilimwonyesha kwamba maji yalipenya polepole, na uharibifu wa polepole hutengwa na hati, sawa na uchakavu. Hoja ya kwanza sikuwa na jibu lake. Ya pili naipinga hadi leo. Bahati mbaya ilitokea siku moja, kwa dakika moja, drili ilipogusa bomba. Kilichokuwa cha polepole ni kuonekana kwake. Kipande cha bomba nilichokihifadhi kina tundu la duara lenye kingo kali, ilhali bomba linalochakaa huelekea kupata ufa unaofuata urefu wake. Ndiyo maana namsihi yeyote yatakayemkuta haya afunge maji mara moja, apige picha, atoe taarifa siku hiyo hiyo, na asimruhusu fundi kutupa skrubu wala kipande cha bomba kabla ya mkaguzi kuviona.

Gharama yetu ilifika shilingi 71,000. Kiungo cha bomba kilikuwa chini ya shilingi 500. Zilizobaki zilikwenda kwenye kubomoa vigae vya bafu ili kulifikia bomba, kutafuta vigae vya rangi ile ile, na kuiweka upya dari ya chini. Kwa hiyo nilipokwenda kuomba nyongeza upya, safari hii katika Sehemu A, sikuuliza tu kama wanalipia uharibifu wa bahati mbaya. Niliomba iandikwe kwamba gharama ya kubomoa ukuta ili kuufikia mvujo inalipwa, na kwamba tukio la ghafla halitaitwa la polepole kwa sababu tu limegunduliwa baadaye. La kwanza walilikubali kwa urahisi. La pili lilichukua barua tatu, na mwishowe waliweka kikomo cha siku 60 tangu tukio.

Nyongeza hiyo ya jengo naongezewa shilingi 2,400 kwa mwaka, na shilingi 10,000 za mwanzo za kila hasara najilipia mwenyewe. Kama ningekuwa nayo wakati ule, ningerudishiwa 61,000. Televisheni, iliyonunuliwa kwa 38,000, ilikuwa inatozwa 1,900 kwa mwaka, na 5,000 za mwanzo ni zangu. Ikivunjika mwaka wa nne, wakati kampuni itakapoihesabu kuwa na thamani ya 18,000 hivi kwa sababu ya umri, ningepokea 13,000 baada ya kulipa 7,600. Niliiondoa katika Sehemu C, nikabakiza kompyuta ya kazi tu.

Mpangaji yumo katika hali nyingine, kwa kuwa bomba na ukuta ni vya mwenye nyumba na Sehemu A si yake kununua. Lakini akitoboa bomba kwenye fleti na maji yakaharibu dari ya jirani wa chini, atadaiwa yeye, na kinachomfaa hapo ni ile sehemu ya dhima ya mkaaji, si nyongeza ya televisheni.

Bafu lilipokuwa limebomolewa nilipiga picha za mabomba yote nikiwa nimeegesha futi ya fundi kando yake. Picha moja nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la sebule ya juu, na fundi yeyote anayekuja na drili huionyeshwa kabla hajauliza soketi iko wapi.