Chupa ya soda: ioshwe au ivunjwe?

"Kama kioo kinayeyushwa kikawa chupa mpya, kwa nini mwenye duka anadai chupa tupu?"

Kwa sababu kuosha hakuli moto kama kuyeyusha. Mashine ya kuoshea hutumia maji yenye kostiki soda, joto lake nyuzi 60 hadi 80 hivi. Tanuri la kioo linataka nyuzi 1,500 hivi. Vigae vya chupa husaidia: kila asilimia 10 ya vigae inayochukua nafasi ya mchanga, magadi na chokaa huokoa karibu asilimia 3 ya nishati. Lakini hata ukijaza vigae vitupu, sehemu kubwa ya moto ule bado utaulipia.

Hesabu hiyo husimama pale tu chupa inaporudi. Chupa ya kujazwa tena hutengenezwa nene ili ivumilie misukosuko, kwa hiyo ikitumika mara moja ni hasara kuliko ile nyepesi ya kutupwa. Tuseme zimetoka chupa 100. Zikirudi 95 kila mzunguko, chupa moja itatumika kwa wastani mara 20. Zikirudi 80, mara 5 tu. Chupa 15 zilizopotelea uvunguni na majalalani zimekula robo tatu ya maisha ya chupa zote.

Hapo ndipo pesa ya chupa inapofanya kazi. Ikiwa ndogo mno, mteja haoni shida kuitupa. Lakini ikiwa kubwa, mwenye kioski ndiye anayeumia, maana mtaji wake unalala kwenye makreti kabla hajauza hata soda moja. Kwangu mimi bora iwe ya kuuma kidogo, na msambazaji amkopeshe muuzaji mdogo makreti.

Wanaopinga husema kreti la chupa tupu linajaza lori sawa na lililojaa soda, ilhali vigae hushindiliwa. Ni kweli. Ila lori lililopeleka soda Morogoro lingerudi Dar es Salaam hata likiwa tupu. Hoja yao ina nguvu kwa chupa ya mvinyo kutoka Afrika Kusini: aliyeijaza yuko mbali, basi ivunjwe.

Hata chupa ya soda ina siku yake ya kuvunjwa. Pitisha kidole mdomoni: ukihisi pengo, mara nyingi ni kazi ya aliyeifungua kwa meno ya uma au kwa chupa nyingine. Kizibo hakitashika gesi. Iliyowekewa mafuta ya taa nayo itengwe, maana harufu yake ni mbishi kwa maji na kostiki; tanurini itaungua. Mikanda myeupe ya michubuko begani ni uzee tu, bado inajazika.

Wanaokusanya vigae wachunge sahani na vikombe vya udongo. Kipande kimoja kisichoyeyuka hubaki kama jiwe ukutani mwa chupa mpya, na hapo ndipo itakapopasukia.